Upande wa Chokaa

Kuna kitu kikikauka kinameza kisigino cha mtoto, kikilowa kinameza lori na dereva wake. Si chatu wala si kaburi. Ni udongo mweusi wa mfinyanzi. Watu wa kambi ya barabara waliishi nao, wakautoa kwenye kucha kila jioni na kuukuta tena asubuhi kwenye viatu, na pamoja na mazoea yote hayo waliuogopa.

Aliyeuogopa kuliko wote ni yule aliyeujua kuliko wote. Kazi yake ilikuwa kuupima ndani ya kontena lililogeuzwa maabara, na watu walimwita Mpimaji. Mumewe, dereva wa boza, lile lori la tangi la maji, alimwita Profesa akitaka kumchokoza na mama watoto akitaka chakula. Mdogo wake wa kiume, kibarua wa kumwaga chokaa, aliitwa Kijiti kwa wembamba wake. Huyo alikuwa mtu wa vitendawili. Alikutegea asubuhi hujanawa uso, na ukishindwa alikudai mji, ukimpa mji aliusema mbovu akadai mwingine.

Barabara yenyewe ilikuwa inavuka bonde. Katikati ya bonde walijenga tuta refu la udongo huohuo mweusi, maana mwingine haukuwapo karibu, na tabaka la juu likatiwa dawa ili libebe magari. Injinia alitaka kulinganisha dawa mbili. Kwa hiyo tuta likagawanywa kwa urefu kama shuka la ndugu wawili: upande wa kushoto ukatiwa chokaa, upande wa kulia saruji.

Upande wa chokaa ulikwenda polepole. Walimwaga chokaa kali, ile isiyozimwa, mashine ya kuchanganyia ikapita, boza likanyunyiza maji, na ardhi ikatoa moshi kama sufuria iliyofunuliwa. Kisha wakauacha mchanganyiko ulale siku mbili. Chokaa haina haraka. Inaingia ndani ya mfinyanzi taratibu na kuuvunja ubishi wake. Walipochanganya mara ya pili, yale mabonge yaliyokuwa yananata kama ulimbo yalipukutika yenyewe, ndipo wakashindilia. Upande wa saruji haukungojwa. Saruji ikishakutana na maji huanza kushika, na ukichelewa kushindilia unashindilia maiti. Kilichotakiwa kufanyika kwa siku kilifanyika kabla chai ya saa nne haijapoa.

Baada ya hapo pande zote mbili zilifungwa kwa mapipa, zikae zikomae. Kila asubuhi na jioni dereva wa boza alizinyunyizia kwa mpira mrefu, boza likiwa nje ya mapipa, zisikauke, maana dawa bila unyevu haifanyi kazi. Alisema amelea mapacha: mmoja amekomaa mapema, mwingine bado anadeka. Na kwa macho ilikuwa hivyo. Upande wa saruji ulikuwa mweupe na mgumu, ukiugonga kwa nondo unalia. Upande wa chokaa ulikuwa wa kijivu, umefubaa, ukiukwaruza kwa ukucha unaacha alama. Injinia alikataza gari lolote lisipite juu ya chokaa mpaka mwezi upite, kwa kuwa chokaa hupata nguvu zake polepole.

Siku ya balaa, injinia alikuwa mjini na pikapu. Mvua ilinyesha tangu alfajiri, ikapumzika, ikarudi. Njia ya zamani iliyopita chini ya bonde ilishazama. Vibarua walikuwa wanahamisha mifuko ya chokaa kuipeleka pakavu, na miwani ya kuzuia vumbi ilikuwa imejaa ukungu wa jasho. Kijiti aliivua aifute. Mfuko uliokuwa begani mwa mwenzake ukapasuka.

Mpimaji alisikia sauti ambayo hakuijua, akatoka kontenani, akakuta ni ya mdogo wake. Alikuwa amepiga magoti, uso mweupe kama wa mtu aliyejipaka unga, mikono imeng'ang'ania macho. Mwanamke yule alijua chokaa ile ikikutana na maji huchemka, na jicho ni maji. Alimpangusa unga mkavu usoni kwa kitambaa, akamburuta mpaka kwenye bomba la boza, akalifungulia, akamfumbua kope kwa vidole vyake mwenyewe. Kijiti alipiga kelele, akapiga mateke, dada yake hakumwachia.

Walimwosha muda mrefu, mpaka nguo za wote zikawa zinamwaga maji. Macho yalikuwa mekundu, yamefunikwa na utando wa maziwa. Nyapara, mtu mzima mwenye sauti ya radi, aliinama akayatazama, na safari hii akasema kwa kunong'ona kwamba haya si ya kambini. Yanataka hospitali, leo, tena yaoshwe njia nzima.

Hospitali ilikuwa ng'ambo ya bonde, mwendo wa saa nzima kwa gari. Simu ya injinia haikupatikana. Kumbeba Kijiti kuvuka tuta kwa miguu kuliwezekana, lakini ng'ambo hakukuwa na gari wala mtu, ila barabara tupu na mvua. Upande huu gari lilikuwa moja tu. Lilikuwa boza, na boza hata likiwa tupu ni tembo.

"Tutapita juu ya tuta," dereva alisema.

Wote walitazama tuta. Maji yalikuwa yamepanda pande zote mbili, ya rangi ya chai ya maziwa, na tuta lilikuwa limelala katikati yake kama mgongo wa kitu kinachovuta pumzi.

Kila mmoja alijua hesabu ile. Tabaka lenye dawa halikuwa nene. Chini yake ni udongo mweusi mbichi. Tabaka likishika, gari linapita. Likipasuka, gurudumu linazama, boza linalala ubavu, na ubavuni ni maji yasiyo na kina kinachojulikana. Ndani ya kabini ya dereva wangekuwamo mume wa Mpimaji na mdogo wake. Mpimaji akashika nguzo ya kontena.

Walifungulia tangi, wakamwaga maji mtaroni mbali na tuta ili kupunguza uzito, wakabakiza madumu ya kuoshea macho. Kijiti akapandishwa ndani ya kabini, kichwa kwenye mapaja ya nyapara aliyeshika jagi. Hata katika hali ile ulimi wake haukutulia. Alimwambia shemeji yake aendeshe vizuri, asiendeshe kama yeye Kijiti anavyoona sasa hivi. Dereva alicheka kicheko kifupi kilichokatika katikati.

"Upande gani, Profesa?" aliuliza kupitia dirishani. Safari hii hakuwa anachokoza.

Mpimaji alikuwa na jibu, na ndilo lililomtia hofu. Ndani ya kontena alifinyanga vikopo vya udongo wenye chokaa na vya udongo wenye saruji, akavifunika visikauke, akavikandamiza kwenye mashine mpaka vikavunjika. Vya saruji vilibeba karibu mara mbili ya vya chokaa. Vipimo havikuwa na maneno mawili. Macho yalisema saruji, nondo ilisema saruji, mashine ilisema saruji.

"Kulia," alisema. "Kwenye saruji. Lakini mnifuate taratibu. Natangulia mimi."

Alichukua nondo, akatia mfukoni chupa ya dawa ya kunyunyizia, ile isiyo na rangi ambayo ikigusa udongo ulioingiwa na chokaa au saruji hugeuka nyekundu. Hakujua kwa nini aliichukua. Labda mkono ulitaka kitu cha kushika. Vibarua walisukuma mapipa kando. Boza likanguruma nyuma yake.

Alitembea akigonga. Ngo. Ngo. Saruji ililia vizuri, na kila ilipolia moyo wake ulishuka kidogo mahali pake. Mvua ilimpiga mgongoni. Kulia kwake maji yalikuwa yanalamba ubavu wa tuta, na alijikataza kuyatazama, ndiyo maana akayatazama.

Hapo ndipo alipoona ukingo umefunguka kama mdomo. Maji ya mvua yalikuwa yametafuna ukingo, yakamega kipande cha tabaka, na sasa ubavu wake ulionekana wazi kama mkate uliokatwa. Juu palikuwa na ganda jeupe, gumu, zuri. Ndani ya ganda hilo palikuwa na mabonge meusi, mengine kama ngumi, mengine kama kichwa cha mtoto. Yalikuwa yamelowa, yamevimba, yanang'aa. Moja lilijichomoa mbele ya macho yake, likadondoka majini bila sauti, likaacha shimo.

Alichutama, akanyunyiza dawa. Ukuta ukageuka mwekundu mara moja, wekundu wa ua. Lakini kila bonge lilizungukwa na wekundu lenyewe likabaki jeusi, kama kiini cha yai bovu. Saruji ililivika bonge koti tu, haikuingia. Alibonyeza moja kwa kidole na kidole kikazama mpaka kwenye kifundo. Aliling'oa kidogo, akalisokota kati ya viganja kama alivyosokota udongo kila siku kwenye kioo cha maabara. Likatoka uzi mwembamba, laini, mtiifu, usiokatika. Udongo uliopata dawa hausokotiki hivyo, hupukutika. Huu ulikuwa mbichi kabisa.

Na hapo alielewa. Vikopo vyake vya saruji alivifinyanga kwa udongo alioukausha, akautwanga, akauchekecha kwenye chekeche mpaka ukawa unga. Katika unga saruji hufika kila mahali. Huku nje hakuna aliyechekecha. Siku ile udongo ulikuwa na maji, mashine ya kuchanganyia ilijivika matope, saruji ilikuwa inashika, na mabonge yakashindiliwa humohumo. Yeye alipima udongo mwingine kabisa, akauita huu.

Aligeuka. Magurudumu ya mbele ya boza yalikuwa yameshapanda upande wa saruji.

Alikimbia akiwa ameinua mikono. Dereva akakanyaga breki, na lile lori likatikisika lote, na mahali fulani chini yake kitu kikalia kwa sauti nyembamba, kama kijiti kikivunjika ndani ya nguo.

"Rudi nyuma," Mpimaji alisema. "Rudi polepole. Tupite kwenye chokaa."

Nyapara alitoa kichwa nje. Alisema chokaa bado changa, injinia alikataza hata baiskeli, na hii saruji ni mwamba, yeye mwenyewe aliisimamia. Mpimaji hakubishana. Alinyoosha mkono dirishani, uzi mweusi ukining'inia kwenye kidole chake. Nyapara aliutazama. Miaka yake yote kazini ilipita usoni mwake.

"Umetoka humu?" aliuliza.

"Umetoka humu."

Alifuta mvua usoni, akasema siku ile mashine ilikuwa inakwama kwa matope na yeye ndiye aliyeamuru washindilie kabla saruji haijafa. Kisha akarudi kumwagia Kijiti maji.

Dereva hakuwa ameondoa macho kwa mkewe.

"Vipimo vyako vilisema nini?"

"Saruji."

"Na wewe unasema nini?"

"Chokaa," alisema.

"Haya, mama watoto. Tangulia."

Kwenye ukingo wa kushoto alichimba kwa nondo, na haikuwa rahisi kuchimba. Tabaka la chokaa halikulia. Lilitoa sauti butu, kama ya kizibo kikigongwa. Lakini alipofika ndani, chembe zilitoka ndogondogo, kavu kuliko alivyotarajia ndani ya mvua ile, na aliponyunyiza dawa shimo lote likawa jekundu, juu, kati, chini, bila doa. Alijaribu kusokota uzi. Ulikatika. Akajaribu tena, ukapukutika kiganjani. Udongo huu haukuwa na nguvu kama za kikopo cha saruji, lakini ulikuwa kitu kimoja, na ulikuwa umesahau kunywa maji. Alifumba kiganja juu ya zile chembe akaondoka nazo, kama mtu anayeshika mkono wa mtu.

Kisha akatembea kinyumenyume, uso kwa boza, ili aone kila gurudumu. Hakuna hofu kama ya kumwita mtu unayempenda aje mahali usipopaamini sawasawa. Kila hatua alitamani kusema simama. Kila hatua mkono wake ulisema njoo. Boza lilikuja kama mgonjwa anayejifunza kutembea. Nyuma ya magurudumu alama zilionekana, si za kina, kama za kidole kwenye unga uliokandwa jana. Alama si kuzama, alijiambia. Alama si kuzama.

Katikati ya tuta palikuwa pamemegeka. Maji yalikuwa yamekula ukingo wa kushoto, na njia iliyobaki ya chokaa haikutosha upana wa boza. Magurudumu ya kulia yangelazimika kukanyaga saruji, mwendo mfupi wa kama urefu wa lori lenyewe. Dereva aliona mwenyewe. Alisimama, akafungua mlango wake na kuuacha wazi, na Mpimaji alijua maana ya mlango ule. Alijua pia kwamba nyapara hawezi kuruka na mtu mapajani, na kwamba mlango wa pili ulitazama maji.

Kutoka ndani sauti ya Kijiti ilisikika, nyembamba, imechoka. "Kitendawili."

Hakuna aliyemwambia tega.

Boza likaingia. Gurudumu la mbele la kulia lilikanyaga ganda jeupe na ganda likavumilia. Likavumilia tena. Kisha yakaja magurudumu ya nyuma, yenye uzito, na saruji ikapasuka kama sahani. Gurudumu la nje likatumbukia mpaka kwenye nati, tope jeusi likaruka, tangi tupu likalia boo, na lori lote likainamia kulia, likainama, likainama.

Mpimaji aliinua mkono.

Halafu likatulia. Upande wa kushoto magurudumu yalikuwa yamekaa juu ya chokaa, yamekandamiza, na chokaa haikutoka chini yake. Ilishika. Uzito wote ulikuwa umeiegemea nayo ilikuwa imeubeba, kimya, kama mama mwenye mtoto mgongoni na mwingine kiunoni.

"Usikanyage mafuta," alisikia sauti yake ikisema, shwari, kama ya mtu mwingine. "Kata kushoto. Taratibu. Fuata chokaa."

Dereva alikata. Injini ililia kwa chini. Gurudumu lililozama lilikwaruza ukingo wa shimo, likateleza, likakwaruza, likang'ata, likapanda. Boza likajirudisha wima likipiga miguno, na tope likawa linachuruzika kutoka ubavuni kama damu ya kitu kilichoachwa nyuma.

Sehemu iliyobaki aliitembea vilevile, kinyumenyume, mkono ukiita. Magurudumu yote yalipofika kwenye changarawe ya ng'ambo, alikaa chini kwenye maji ya barabarani mpaka mumewe alipomwinua kwa kwapa na kumsukumia ndani ya kabini. Njia nzima nyapara alimwaga jagi, akajaza, akamwaga, akizishika zile kope kwa vidole vyake vinene, kwa upole ambao hakuna kibarua angeamini.

Hospitalini waliambiwa wasubiri. Walikaa kwenye benchi wakichora ziwa la matope sakafuni, na mfagiaji akapita akawatazama, akaacha. Dereva alisema kesho atalala chini ya boza, si juu ya kitanda, ili alishukuru vizuri. Mkewe hakuweza kucheka. Akilini mwake magurudumu ya nyuma yalikuwa bado yanaingia kwenye saruji, na kila mara lori liliinama na hakujua kama litatulia.

Daktari alitoka akiwa anafuta miwani. Alisema jicho la kushoto limeungua vibaya, hawezi kuahidi kitu. La kulia lilioshwa mapema na halikuachwa kukauka, tuone. Mmoja aliruhusiwa kuingia.

Kijiti alikuwa amelala chali, bandeji upande mmoja, jicho la pili limevimba, limefumba. Mpimaji alisimama kando ya kitanda akaogopa kuuliza. Tangu asubuhi aliogopa maji, aliogopa udongo, aliogopa vipimo vyake mwenyewe, na hofu zote hizo zilikuwa watoto wa hii moja.

"Dada?"

"Nipo."

Kope ilitikisika. Ikafunguka kidogo, mstari tu, na machozi yakatoka. Jicho lilizunguka dari, likashuka ukutani, likasita.

"Dada," Kijiti alisema taratibu, "mbona mkono wako mwekundu? Umeumia?"

Alitazama chini. Ngumi yake ilikuwa bado imefumbwa, wekundu umevuja kati ya vidole. Aliifungua, vidole vikiuma kwa ganzi, na pale kiganjani zile chembe za chokaa zilikuwa zimelala na dawa yake, nyekundu bado, zimempaka mpaka kwenye mistari ya mkono.

Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akamwekea mkono ule mbele ya jicho, karibu, ili auone tena.

"Kitendawili," alisema dada.

"Tega," alisema mdogo wake.